Meseji Iliyokatika: Kumfundisha Mzee Kusoma Kabla ya Kutuma

Ujumbe wa simu uliotumwa kabla ya kuisha huleta tabu kubwa kuliko ujumbe wenye makosa ya herufi. Neno lililokosewa msomaji hulikisia, akaendelea na safari yake. Sentensi iliyokatika, hasa ikiangukia mahali pabaya, humpa maana kamili ambayo mwandishi hakuikusudia, wala hakuna kinachomwonya kwamba kuna maneno yaliyobaki nyuma.

Tuseme bibi aliye Muheza anamwandikia binti yake wa Dar es Salaam. Anachotaka kusema ni hiki: “Mwambie kaka yako asije akasahau dawa ya baba.” Kidole kinagusa mshale wa kutuma mapema, na kinachofika ni: “Mwambie kaka yako asije.” Hiyo ni sentensi timilifu, tena ni katazo la mzazi. Binti anampigia kaka yake, ambaye yuko kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, na tiketi ameshakata. Kaka anaghairi safari na kurudi nyumbani akijiuliza amekosa nini. Dakika chache baadaye bibi, ambaye hajui kuwa nusu ya kwanza imekwenda, anamalizia kuandika na kutuma: “akasahau dawa ya baba.” Sasa imekuwa lawama juu ya katazo. Watoto wanaanza kupigiana simu kuulizana nani alisahau dawa na lini, na mama yao hajamlaumu mtu yeyote.

Kosa la namna hii likitokea, kauli inayowatoka vijana haraka ni kwamba mama awe makini. Haimsaidii, kwa sababu mara nyingi mama hakuamua kutuma. Kabla ya kumfundisha mzee kukagua ujumbe wake, anayemsaidia anatakiwa ajue ujumbe huo hutokaje mikononi mwake ukiwa haujaisha, na jibu la kwanza liko kwenye kioo cha simu.

Katika WhatsApp, chini upande wa kulia wa nafasi ya kuandikia kuna duara lenye alama ya maikrofoni. Herufi ya kwanza ikiandikwa tu, maikrofoni hiyo inageuka kuwa mshale wa kutuma. Yaani kitufe cha kutuma kipo tayari tangu neno la kwanza, na hakisubiri nukta. Kipo juu kidogo ya kibodi, upande uleule ambao kidole gumba cha mkono wa kulia hupita mara kwa mara kikitafuta herufi P na O. Mzee anayeishika simu kwa mkono mmoja na kuandika kwa kidole gumba cha mkono huohuo yuko jirani na mshale muda wote. Anayeilaza simu mezani na kuandika kwa kidole cha shahada hupata ajali hiyo mara chache zaidi, na kumwonyesha mkao huo tu kunaweza kupunguza nusu ya tatizo.

Njia ya pili ya ajali imefichika zaidi. Kwenye kibodi ya kawaida ya simu za Android, kitufe cha kufuta herufi kipo mwisho wa mstari wa tatu, na chini yake moja kwa moja kipo kitufe cha Enter. Kwa kawaida Enter hushusha mstari. Lakini WhatsApp ina mpangilio unaoitwa “Enter is send”, ambao ukiwashwa Enter inakuwa kitufe cha kutuma. Mzee aliyekosea herufi anataka kufuta, kidole kinashuka kidogo, na ujumbe unaondoka. Hii ndiyo sababu baadhi ya wazee hutuma nusu ujumbe hasa pale wanapojaribu kujisahihisha. Dalili yake ni rahisi kuiona: ujumbe uliokatika unaishia kwenye neno lenye kosa. Dalili hiyo ikionekana, hatua ya kwanza ni kuangalia kama mpangilio huo umewashwa. Unapatikana kwenye Settings, kisha Chats.

Sababu ya tatu haitokani na kidole, bali na hofu. Simu nyingi huzima kioo baada ya sekunde 30 zisipoguswa, na mtu anayetafuta herufi mojamoja, akiinua macho kumwuliza jirani tarehe ya arusi, huzipitisha sekunde hizo bila kujua. Kioo kinafifia. Au simu inaita katikati ya sentensi na maandishi yanatoweka machoni. Mzee aliyewahi kuona hivyo mara moja, akaamini kazi yake yote imepotea, hujifunza kutuma haraka kile alichonacho ili kisipotee. Anayefanya hivi hana haraka wala uzembe. Anaokoa ujumbe wake kwa njia pekee anayoijua. Kumwambia asome kwanza ni kumwomba acheze na kitu anachoamini kitapotea wakati wowote.

Hofu hiyo huondolewa kwa kuonyesha, kwa sababu maelezo matupu hayatoshi. Anayefundisha anamwomba mzee aandike maneno mawili, kisha atoke kabisa kwenye mazungumzo bila kutuma. Katika orodha ya mazungumzo, chini ya jina la mtu huyo, linatokea neno “Draft” na maneno yaleyale pembeni yake. Mzee anaingia tena, anayakuta. Halafu simu inazimwa kioo, inawashwa, na maneno bado yapo. Ikiwezekana, mtu wa tatu apige simu wakati huo ili ile ajali halisi itokee mbele ya macho yake na ujumbe ubaki salama. Zoezi hili linastahili kufanywa kabla ya mengine yote, na lirudiwe siku nyingine. Mzee akishaamini kuwa ujumbe unamngoja, muda wa kuusoma unapatikana wenyewe.

Baada ya hapo simu yenyewe irekebishwe, kwa ruhusa ya mwenyewe na yeye akiona kila kinachobadilishwa. Muda wa kioo kuzima uongezwe kutoka sekunde 30 hadi dakika 2 au zaidi. Maandishi yakuzwe. Kuna ukubwa wa simu nzima kwenye mipangilio ya kioo, na kuna ukubwa wa WhatsApp peke yake ndani ya Chats. Wengi hubadilisha mmoja na kusahau mwingine. Kipimo kizuri ni mzee kuweza kusoma mistari mitatu ya ujumbe wake akiwa ameishika simu mahali anapoishika siku zote, bila kuisogeza mbali na uso. Kibodi iwekewe Kiswahili, kwani kibodi iliyowekwa Kiingereza peke yake hubadilisha maneno ya Kiswahili ambayo haiyajui. Mzee anakuwa ameandika sawasawa, simu ndiyo inayoharibu, na lawama anapewa yeye. Ikiwa hata baada ya kuweka Kiswahili marekebisho ya kujiendesha yanaendelea kumsumbua, yazimwe tu.

Jambo la miwani hupuuzwa na watu wa umri mdogo kwa kuwa hawajalionja. Kuanzia kwenye miaka ya 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kuvuta karibu vitu vidogo, na kwa mtu wa miaka 70 uwezo huo umekwisha kwa sehemu kubwa. Mzee anaweza kuandika bila miwani kwa kuwa vidole vimezoea mahali pa herufi, lakini kusoma alichoandika ni kazi nyingine. Miwani ikiwa chumbani na simu ikiwa sebuleni, ujumbe hautasomwa. Kamba ya miwani shingoni, au kuwa na miwani ya pili mahali anapokaa na simu, ni msaada mkubwa kuliko mawaidha.

Sasa ndipo somo la kusoma kabla ya kutuma linaweza kuanza, na hapa namna ya kukaa ina maana yake. Anayefundisha huketi pembeni ya mzee, upande mmoja naye, ili wote wawili wakione kioo kwa pamoja. Simu hubaki mkononi mwa mzee tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana anayeipokea, akabonyeza mara sita kwa kasi na kuirudisha akisema “umeona?” hajafundisha kitu, amemwonyesha mzee kuwa mambo haya ni ya wengine. Kidole kinachobonyeza kiwe cha mwenye simu, hata kama kinachelewa. Ngozi ya vidole vya mtu aliyelima au kufua kwa mikono miaka mingi inaweza kuwa kavu na ngumu, na kioo cha simu hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Kidole kikavu wakati mwingine hakisikiki, mwenyewe anarudia kwa nguvu zaidi, na mguso wa pili unakuwa miwili. Ni vyema ajue kwamba nguvu haihitajiki, na kwamba mafuta kidogo ya mikono yaliyokwisha kukauka yanaweza kusaidia.

Mahali pa kufanyia mazoezi pawe pasipo na hatari. WhatsApp humruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe: namba yake hutokea kwenye orodha ya majina ikiwa na maneno “Message yourself”. Hapo mzee anaweza kutuma nusu ujumbe mara nyingi apendavyo na hakuna wa kushtuka upande wa pili. Ujumbe wa mazoezi usiwe wa kubuni kama wa darasani. Uwe ule anaotaka kuutuma kweli siku hiyo, kwa mfano wa kumkumbusha mjukuu ada ya shule au kumjulisha shemeji kuhusu arobaini ya marehemu. Akishaukamilisha hapo, aunakili au auandike upya kwa mhusika.

Kusoma kwenyewe kuwe kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu mwandishi anajua alichotaka kusema na macho yake hujaza pengo bila kumtaarifu. Sauti hairuki kwa wepesi hivyo. Bibi wa Muheza akisoma kwa sauti “Mwambie kaka yako asije” atasikia mwenyewe kuwa pumzi imekatika mahali pasipostahili. Ombi linalofaa ni: “Mama, naomba unisomee ulichoandika,” kisha anayefundisha anyamaze na kusikiliza. Akisikia kosa, asilitaje. Ni bora aulize kama angeuliza mpokeaji: “Kwa hiyo kaka asije?” Mzee atajibu, “Asije akasahau, nimesema,” na atarudi kwenye kioo kutafuta lilipo neno hilo. Kosa analoligundua mwenyewe kwa njia hiyo hubaki kichwani muda mrefu kuliko lililosahihishwa na mtoto wake.

Kwa mzee anayeanza, mambo ya kukagua yasizidi matatu. La kwanza ni jina lililo juu ya kioo, kwamba ndiye anayekusudiwa na kwamba si kundi la familia. La pili ni neno la mwisho la ujumbe, kwamba sentensi imefika mwisho. Wazee wengi waliosomea barua wanaijua nukta na wanaiheshimu, kwa hiyo kanuni ya kutokutuma kabla nukta haijawekwa huwaingia kwa urahisi, na hapo nukta inakuwa kizuizi kati ya kidole na mshale. La tatu ni tarakimu. Fedha, tarehe na saa zisomwe moja baada ya nyingine, kwa kuwa sifuri moja ikipungua 100,000 inakuwa 10,000, na “saa 2” bila “asubuhi” au “usiku” inaweza kumkosesha msafiri basi lake. Kwa watoto walio Ulaya au Amerika, ambao wameshazoea kuhesabu saa kwa mtindo wa huko, neno hilo moja ni la lazima zaidi.

Ujumbe ukishaondoka, mzee anahitaji kujua kinachoweza kurudishwa na kisichoweza. Meseji ya kawaida ya mtandao wa simu, ile inayotumwa hata kwa kitochi, ikishafika imefika. Katika WhatsApp, tangu mwaka 2023, mwandishi anaweza kurekebisha ujumbe wake ndani ya dakika 15: anaubonyeza na kuushikilia, anachagua “Edit”, anamalizia maneno, na mpokeaji huona alama ndogo kwamba ujumbe umehaririwa. Hii ndiyo dawa inayofaa zaidi kwa ujumbe uliokatika, maana unabaki mahali pake na kukamilika. Kuna pia kuufuta kwa wote, ambako kunawezekana kwa muda wa siku mbili na zaidi kidogo. Lakini kufuta huacha maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na mtoto aliye mbali anayeona saa nne usiku kuwa mama ametuma kitu na kukifuta hatapata usingizi. Tena mzee anaweza kuchanganya chaguo mbili za kufuta na kuuondoa ujumbe kwenye simu yake peke yake, akidhani haupo tena kwa wengine.

Kwa mzee ambaye hatua hizi ni nyingi, ipo njia nyepesi inayofanya kazi kwenye kila aina ya simu: kutuma ujumbe wa pili unaoanza na “Sijamaliza”, kisha kuiandika sentensi nzima upya kuanzia mwanzo. Kuanzia mwanzo ndilo jambo la maana. Kipande cha pili kikitumwa peke yake hurudisha lile tatizo la “akasahau dawa ya baba”.

Wanaopokea nao wana sehemu yao. Ujumbe wa mzee ukifika bila nukta, au ukiamuru jambo lisilo la kawaida yake, ni busara kungoja dakika kadhaa au kumpigia kabla ya kuchukua hatua. Swali liulizwe faraghani. Kundi la familia lenye wakwe, mashemeji na wajukuu si mahali pa kumwandikia baba “hii meseji haijaisha” na kuisindikiza kwa vikatuni vya kucheka. Mzee aliyeaibishwa hivyo mbele ya wakwe zake hataandika kwa uangalifu zaidi. Ataacha kuandika, na familia itakuja kushangaa kwa nini siku hizi baba hasemi kitu. Akipigiwa kwa utulivu, “Shikamoo baba, nimepata ujumbe wako, naona kama haujaisha,” anapata nafasi ya kumalizia bila kupungukiwa na heshima yake.

Yapo pia ambayo hayahitaji kusahihishwa. Mzee anayeanza kila ujumbe kwa salamu ndefu, akauliza hali ya nyumba nzima, na kumalizia kwa kuandika jina lake chini kana kwamba ni barua, hajakosea. Herufi kubwa mwanzo hadi mwisho hazipotoshi maana, na mara nyingine anaziandika hivyo kwa sababu ndizo anazoziona. Anayefundisha akianza kusahihisha haya, yale matatu ya lazima yatapotea katikati ya makemeo.

Mafunzo yana mipaka, na mipaka hiyo ina dalili. Mzee aliyekuwa akisoma vizuri kisha akaanza kulalamika kwamba kioo kina ukungu hata akiwa na miwani anahitaji kupimwa macho. Mtoto wa jicho huanza hivyo. Mikono inayotetemeka hurahisishiwa kazi kwa kulaza simu mezani na kwa mpangilio wa Android wa kuchelewesha mguso, uliomo kwenye sehemu ya “Accessibility”, lakini mtetemeko mpya au unaozidi usemwe kwa daktari. Jambo zito kuliko yote ni mabadiliko ya ghafla. Mzee aliyekuwa akiandika sawasawa hadi jana, leo akatuma maneno yasiyoungana kabisa, na akisomewa haoni kasoro, asidhaniwe kuwa amechoka. Maandishi yanayovurugika ghafla yanaweza kuwa dalili ya kiharusi. Apigiwe simu papo hapo. Maneno yakiwa mazito, au aliye naye akiona mdomo umekwenda upande au mkono mmoja hauna nguvu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwa yule ambaye maandishi yameshindikana kwa sababu ya macho au mikono, ujumbe wa sauti unabaki, na nao hukatika kwa namna yake. Kidole kikiachia maikrofoni, sauti iliyorekodiwa hutumwa mara moja, ikiwa imeisha au haijaisha. Kinga yake ni kubonyeza maikrofoni na kusukuma kidole juu hadi kwenye alama ya kufuli. Hapo simu huendelea kurekodi bila kushikiliwa. Akimaliza kusema, anabonyeza alama ya kusimamisha, anajisikiliza tangu mwanzo, na akiridhika ndipo anagusa mshale. Asiporidhika, anagusa alama ya kapu la taka na kuanza upya.